Reli ilifika Kisumu karne gani, na ilikuwa nchi gani? Zoezi moja la ramani na mstari wa wakati

Kisa chenyewe ni hiki. Ticha mmoja rafiki yangu anafunza sosho gredi ya 8 huku Eastlands, darasa la watoto hamsini na kitu, na alitaka zoezi la kuwafanya wajue matukio ya karne ya 19 ya huku kwetu yalifuatana vipi na yalitokea wapi. Akatengeneza karatasi moja, akaipeleka saiba ikapigwa fotokopi. Juu kulikuwa na matukio kumi yamechanganywa, kila moja na mwaka wake, mwanafunzi ayapange kuanzia la kwanza hadi la mwisho. Chini kulikuwa na ramani ya Kenya ya sasa yenye vitone vimepewa namba 1 hadi 10, mwanafunzi aandike tukio kando ya kila kitone. Karibu kila mtoto akapata kumi kwa kumi na ticha akafurahi sana.

Furaha iliisha alipowauliza kwa mdomo. Aliuliza kati ya mmishenari Rebmann kuona Kilimanjaro na kufungwa kwa soko la watumwa Unguja, na kati ya himaya ya Waingereza ya Afrika Mashariki kutangazwa na reli kuanza kujengwa, muda gani ni mrefu? Darasa zima karibu likasema ni sawa tu, maana kwa karatasi yameachana mstari mmoja mmoja. Sasa hiyo ya kwanza ni 1848 hadi 1873, miaka 25, na ya pili ni 1895 hadi 1896, mwaka mmoja. Alafu mwingine akasema reli kufika Kisumu mwaka 1901 ni karne ya 19 kwa sababu inaanza na kumi na tisa, na hakuna hata mtoto mmoja aliyempinga. Hapo ndo akanitumia ile karatasi kwa watsapu, akauliza kwani shida iko wapi na wote walipata.

Shida ni kwamba karatasi haikupima kile alichotaka kupima. Ukishampa mtoto mwaka, kupanga matukio ni kupanga namba kutoka ndogo kwenda kubwa, kitu alimaliza gredi ya 3, anaweza kupata zote na hajasoma hata neno moja la tukio lenyewe. Na vile vitone vya ramani vilikuwa na namba zinazofuata mpangilio wa miaka, kwa hivyo aliyekwama juu alichungulia chini akapata jibu, na aliyekwama chini akachungulia juu. Mtu anaweza kujua hii bila hata kuuliza watoto: funika maandishi ya matukio kwa karatasi, uache miaka na namba pekee, uone kama zoezi bado linafanyika. Hili lilifanyika lote.

Tulipokaa nalo tulianza na kadi. Tukaongeza hadi 12 na tukaondoa miaka. Nawawekea hapa kwa Kiswahili ingawa za darasani zilikuwa za Kiingereza, na hii miaka naandika kwa ajili yenu, watoto hawakuiona mwanzoni. Kapteni Owen anapandisha bendera ya Uingereza Mombasa, 1824. Sultani Seyyid Said wa Oman na Unguja anawashinda Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa, 1837. Mmishenari Krapf anafika Mombasa, 1844. Rebmann anaona theluji ya Kilimanjaro, 1848. Sultani Barghash anafunga soko la watumwa Unguja, 1873. Mkutano wa mataifa ya Ulaya huko Berlin kuhusu Afrika, 1884 hadi 1885. Waingereza na Wajerumani wanagawana maeneo ya Afrika Mashariki, 1886. Ugonjwa wa sotoka unamaliza ng'ombe, mwanzoni mwa miaka ya 1890. Himaya ya Afrika Mashariki inatangazwa, 1895. Reli inaanza Mombasa, 1896. Reli inafika Nairobi, 1899. Reli inafika Ziwa Viktoria, 1901.

Hizo mbili za kwanza hazikuwa kwa orodha yake ya mwanzo. Orodha yake ilianzia Krapf, na ukichora mstari wa miaka mia unakuta karibu nusu nzima ni nyeupe kabisa, na mtoto akiona hivyo anaamini pwani na bara walikuwa wamekaa tu wakingoja mmishenari afike. Owen na Wamazrui wanasaidia kidogo. Sotoka nayo nilisisitiza mimi ibaki, na bado nadhani ni kadi ya maana kuliko zote, kwa sababu haina kiongozi, haina mkataba, haina tarehe moja, na bila hiyo huelewi kwa nini Wamaasai walikuwa wamedhoofika hivyo wakati serikali na reli zilipokuja. Watoto wenyewe walitaka kadi ya simba wa Tsavo wa 1898, kila mwaka wanataka simba, tukakataa manake wakipewa simba hawataki kuongea kitu kingine.

Badala ya mwaka kila kadi ikawa na kidokezo cha kufikiria. Ya Krapf iliandikwa kwamba alikuja na barua ya Seyyid Said ya kumtambulisha kwa maafisa wake wa pwani, sasa mtoto lazima ajiulize, kama Mombasa ilikuwa bado ya Wamazrui waliokuwa wakipigana na huyu Said, hiyo barua ingemsaidia nini? Kwa hivyo Wamazrui walishindwa kwanza. Ya Rebmann ikasema alikuja kuungana na mwenzake aliyetangulia. Ya Barghash ikasema yeye ni mwana wa Seyyid Said. Ya 1886 ikasema mkutano wa Berlin ulikuwa umekwisha mwaka uliotangulia. Si kila kadi inaweza kupangwa kwa kufikiria tu, ya Owen kwa mfano haina njia, hiyo tuliiacha na mwaka wake pamoja na ya Barghash na ya himaya, zikawa nanga tatu za kushikilia zingine. Ukitoa miaka yote watoto wanabahatisha, ukiacha nyingi unarudi kwa kupanga namba, na tatu kwa kumi na mbili ilionekana kutosha kwa gredi ya 8.

Baada ya kupanga kwa penseli ndo walipewa miaka yote, na hapo ndo mstari wenyewe unaanza. Tulitumia skeli ya sentimita 1 kwa mwaka 1, kwa hivyo karne ni mita moja kamili. Karatasi ya manila haitoshi mita, inabidi ukate vipande viwili vya sentimita 50 uviunganishe, na hapo pana mtego: kikundi kimoja kilipandisha kipande kimoja juu ya kingine kwa sentimita nzima ndo gundi ishike. Matokeo yake kila kitu kabla ya 1850 kilikuwa sawa, na kila kitu baada ya hapo kimepungua sentimita moja. Ukiona makosa yanafanana hivyo, yote upande mmoja na kwa kiasi kilekile, usilaumu hesabu ya mtoto, angalia kiungo. Dawa ni kubandika kipande cha tatu nyuma, vile viwili vigusane tu bila kupandana.

Kosa la pili ni la sifuri. Karne ya 19 inaanza 1 Januari 1801 na kuisha 31 Desemba 1900, kwa hivyo alama ya 0 ya rula ndo mwanzo wa 1801, na mwaka 1801 wote uko kati ya 0 na 1. Ina maana Krapf wa 1844 hakai juu ya alama ya 44 bali ndani ya ile nafasi ya 43 hadi 44. Watoto wengi wanatoa 1800 wanapata 44 wanaweka kitone papo hapo, na kusema kweli kwa zoezi la darasani hiyo nusu sentimita haiui mtu, ticha alitaka kuwakata maki nikamwambia aachane nayo. Lakini inakuwa muhimu sana ukifika mwisho wa mstari. Himaya ilitangazwa 1 Julai 1895, kwa hivyo inakaa 94.5. Reli ilifika Nairobi mwishoni mwa Mei 1899, hiyo ni kama 98.4. Reli ikafika ziwani 20 Desemba 1901, na hiyo ni kama 101, yaani iko nje ya manila.

Hiyo kadi ndo mtego wenyewe na tuliiweka makusudi. Kila kikundi kilifika mwisho kikabaki na kadi moja mkononi na hakuna mahali pa kuiweka, na mzozo ukaanza. Kuna waliosukuma zote nyuma kidogo ili iingie. Kuna walioibandika juu ya 1900. Kikundi kimoja kikamwita, "Mwalimu, hii manila yako ni fupi." Akawaambia sio fupi, ni karne imeisha. Sasa hapo swali la karne linajibika lenyewe, kwa sababu mtoto ameliona kwa rula na si kwa kukariri kwamba 1901 ni karne ya 20. Wakapewa kimkia cha sentimita 5 cha rangi nyingine wakibandike mwishoni, na ujenzi wa reli wakauchora kama mstari mnene unaoanzia 95.4 ukavuka mpaka wa karne ukaingia kwa kimkia. Mambo yanayochukua muda yachorwe hivyo, mstari wala si kitone. Berlin ilikaa miezi mitatu na kitu, kuanzia Novemba 1884 hadi Februari 1885, kwa skeli hii ni milimita 3 tu, na sotoka ikachorwa mstari wa vidotidoti kwa sababu haikufika kila mahali siku moja.

Kwenye miaka ya 1890 kadi zinabanana. Ya himaya na ya reli kuanza ziko karibu sentimita moja na kadi yenyewe ina upana wa nne. Wazo la kwanza la ticha lilikuwa kutanua skeli kwa hiyo sehemu ya mwisho, nikamkatalia, ukifanya hivyo kile alichokosa mwanzoni kinarudi tena, mtoto hataona kwamba mambo yaliharakishwa kwenye hiyo miaka. Kubanana kwenyewe ni habari. Kadi zikae mbali juu na chini ya mstari, zivutiwe na uzi hadi mahali pake. Ukitaka kutanua, fanya mstari wa pili kando wa sentimita 5 kwa mwaka, na uchore mistari miwili ya kuonyesha umetoka wapi kwa ule mkubwa, la sivyo kuna mtoto atasoma 25 kwa ule mdogo akuambie ni 1825.

Sasa ramani. Namba zilitolewa zikawekwa herufi zisizo na mpangilio wowote, na kadi zikapewa herufi hizohizo. Ramani ya Kenya ya sasa pia ikatolewa, kwa sababu Unguja haipo na Kilimanjaro haipo, na matukio mawili kati ya kumi na mawili yalikuwa yanaelea pembeni. Tukachora nyingine ya A4 kuanzia Ziwa Viktoria hadi bahari, sentimita 1 kwa kilomita 50, ina pwani, ziwa, milima miwili, mito michache, na hakuna mpaka wowote. Skeli tuliichora kama mstari uliogawanywa, hatukuiandika kwa maneno peke yake, kwa sababu mashine ya saiba ina tabia ya kupunguza karatasi ili itoshee, na ikipunguza maneno yanakuwa uongo lakini mstari unapungua pamoja na ramani. Kupima ni rahisi: Mombasa hadi Nairobi kwa rula moja kwa moja inafaa kuwa karibu sentimita 8.8, yaani kilomita 440. Ukipata 8.5 jua fotokopi imekula. Reli yenyewe ni kama kilomita 530 kwa sababu inapinda, na mtoto akifuata mstari wa reli kwa uzi atapata zaidi ya 440 lakini hatafika 530, ramani ndogo hivyo haionyeshi kona zote.

Berlin iliwatesa. Haiko kwa ramani. Wengine waliiacha, mmoja akaiweka Mombasa kwa sababu "wazungu walikuwa huko". Tuliweka mshale kwenye ukingo wa juu unaotoka nje ya karatasi, umeandikwa Berlin, na kadi inakaa pale. Ni kitu kidogo lakini kinafanya mtoto aone kwamba uamuzi mwingine kuhusu hii ramani ulifanywa na watu ambao hawakuwa ndani yake. Na hapa pia kuna dhana inafaa kuvunjwa, watoto na hata walimu wanasema Berlin ndo ilichora mpaka wa Kenya na Tanzania. Haikuchora. Mpaka huo ulitokana na makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya 1886, kutoka mdomo wa mto Umba karibu na Vanga hadi Ziwa Viktoria, ukipinda kuzunguka Kilimanjaro, alafu makubaliano ya 1890 yakaongezea mengine. Ndo maana Berlin na 1886 ni kadi mbili, na mtoto anachora mstari wa mpaka kwa kadi ya 1886 tu. Ile hadithi ya malkia kumpa mjukuu wake mlima kama zawadi ya bethdei iligusiwa na darasa likacheka, lakini haina msingi, mpaka ulijadiliwa na wakubwa mezani kama mipaka mingine. Makubaliano hayohayo ya 1886 yalimwachia Sultani ukanda wa pwani wa maili 10, na kwa skeli yetu hiyo ni milimita 3, unene wa kalamu ya rangi.

Kadi ya mwisho ina mtego wa pili, na huu ndo nilitaka kuufikia. Waliulizwa: reli ilipofika ziwani Desemba 1901, ilikuwa imefika nchi gani? Wote, Kenya. "Si Kisumu ni Kenya, mwalimu?" Kumbe hadi 1902 sehemu yote ya magharibi, kuanzia Bonde la Ufa upande wa Naivasha kwenda ziwani, ilikuwa Mkoa wa Mashariki wa himaya ya Uganda. Mji wenyewe uliitwa Port Florence, jina la mke wa injinia Preston, na ulikuwa Uganda. Serikali ya Uingereza ilihamisha mkoa huo kuuleta himaya ya Afrika Mashariki mwaka 1902, miezi michache tu baada ya reli kufika, na sababu mojawapo ni kwamba reli nzima ingekuwa chini ya utawala mmoja. Kwa hivyo jina la Reli ya Uganda, ambalo watoto hulishangaa kwa vile haikufika Uganda, kwa ramani ya 1901 halishangazi hata kidogo.

Hii haiwezi kuonekana kama ramani ya chini ina mipaka ya sasa, na ndo sababu ya kutoa mipaka yote mwanzoni. Mtoto anachora mwenyewe: wa 1886 kwa rangi moja, na ule wa kati ya himaya mbili kwa vidotidoti na mwaka kando yake, "hadi 1902". Huo wa pili tulimwambia ticha asiutolee maki za usahihi. Ulibadilishwa na ulipita sehemu ambazo hazikupimwa vizuri, mtoto akiuweka popote karibu na Bonde la Ufa magharibi ya Nairobi inatosha. Anachotakiwa kujua ni Nairobi ilikuwa upande gani na Port Florence upande gani.

Kusahihisha nako kulihitaji kufikiriwa. Ukisahihisha kwa nafasi, yaani kadi ya kwanza iko ya kwanza, ya pili iko ya pili, mtoto aliyeweka Kisumu mwanzoni na zingine zote sawa anapata sufuri kwa 12, maana kila kadi imesogea moja. Tukajaribu kusahihisha kwa jozi za majirani, kadi 12 zina jozi 11, unaangalia tu kama ya kushoto kweli ilitangulia ya kulia. Huyo mtoto sasa anapata 10 kwa 11, ambayo ni haki. Lakini jozi zina udhaifu, mtoto aliyepanga kadi sita za mwisho sawasawa alafu akaziweka mbele ya sita za kwanza pia anapata 10 kwa 11, na huyo hajaelewa kitu. Kwa hivyo jozi zinapewa maki 11 kwenye hatua ya penseli, na sentimita zinapewa maki 12 kwenye hatua ya manila, kila kadi ikiwa ndani ya sentimita moja ya mahali pake inapata. Akipanga upya vizuri baada ya kupewa miaka anazipata, lakini ticha anaona pengo kati ya alama hizo mbili na anajua nani alifikiri kwa vidokezo na nani alingoja miaka.

Walipomaliza ticha alirudia lile swali la mdomo, sotoka na himaya, Owen na Wamazrui, wapi parefu, na safari hii watoto walienda kwa manila kupima kabla ya kujibu. Kuna wachache bado walisema 1900 ni karne ya 20, na hao ana mpango nao: muhula ujao anaanza manila ya pili palepale kwenye kimkia, kadi ya kwanza ikiwa ni huo uhamisho wa 1902.